Shajara ya mradi: kuyafupisha maelekezo ya sweta ya shingo ya V

Jumamosi, 7 Juni

Nimeanza kuyahamisha maelekezo ya sweta ya mama mkubwa kutoka kwenye sentensi ndefu kwenda kwenye mistari mifupi yenye namba. Ni sweta isiyo na mikono, ya shingo ya V, ya mtoto wa miaka 6 hivi, ile inayovaliwa juu ya shati la shule upepo wa Juni unapoanza kuuma hapa Dodoma. Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa sayansi kimu Mpwapwa, na daftari lake liliandikwa kwa kusomwa kwa sauti: yeye anasoma, wanafunzi wanafuma. Kwa kazi hiyo lilifaa sana. Sasa kikundi chetu cha Nkuhungu kinafuma kila mtu kwake, usiku, baada ya watoto kulala, na anayerudi kwenye kazi baada ya kuiacha siku tatu hana namna ya kujua yuko wapi ndani ya sentensi yenye mistari kumi ya daftari.

Migongo, pindo na mabega ya kawaida hayana shida, nitayapitia haraka. Kinachonikera ni kipande cha mbele kuanzia kwapani kwenda juu. Nakinakili hapa kama kilivyo:

"Baada ya hapo funga vitanzi vinne mwanzoni mwa mistari miwili inayofuata, kisha gawanya kazi katikati, na katika nusu ya kwanza endelea kufuma huku ukipunguza kitanzi kimoja upande wa kwapa katika kila mstari wa mbele mara tano, na wakati huohuo ukipunguza kitanzi kimoja upande wa shingo katika mstari wa kwanza na baadaye katika kila mstari wa nne mpaka vitanzi vibaki kumi na sita, kisha ufume sawasawa mpaka kwapa lifike sentimita kumi na sita, halafu ufunge bega kwa mara mbili. Upande wa pili fanya vivyo hivyo, kinyume chake."

Hakuna kosa hata moja hapo. Kila kinachohitajika kimo. Lakini humo ndani mna hesabu mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na mfumaji anatakiwa azishike zote kichwani huku akihesabu vitanzi.

Binti mmoja wa kikundi aliifuma mwezi uliopita akitumia daftari hili. Alifika sentimita 16 akiwa na vitanzi 18 begani badala ya 16, na mbele ikakataa kulingana na mgongo. Tulipokaa naye tukakuta alisoma kama mtu yeyote angesoma: alimaliza kwanza kwapa, mara tano, ndipo akaanza shingo. Shingo yake ilianza mstari wa 11 badala ya wa 1. Kutoka 11, kwa kuruka minne minne, unafika 47 ukiwa umepunguza mara 10 tu, na zilitakiwa mara 12. Vile vitanzi viwili vya ziada vimetoka hapo. Basi mtu akikuletea sweta ya namna hii yenye bega nene na V nyembamba, usianze kumuuliza kama alihesabu vizuri. Muulize shingo aliianza mstari gani.

Jumanne, 10 Juni

Kabla ya kuandika mstari wowote nimeweka alama. Nimezifanya chache, kwa sababu alama ambayo mtu analazimika kuitafuta kila mara haimpunguzii kazi.

K ni mshono wa kawaida, uzi ukiwa nyuma ya sindano. N ni kinyume chake, uzi ukiwa mbele. Namba inayofuata herufi ni idadi ya vitanzi, kwa hiyo K27 ni vitanzi 27 vya kawaida mfululizo. F ni kufunga. 2p ni kufuma viwili pamoja. tv ni kutelezesha kitanzi kimoja bila kukifuma, kufuma kinachofuata, kisha kukivusha kile cha kwanza juu yake. mm ni mpaka mwisho. Alama ya = mwishoni mwa mstari inaonyesha vitanzi vilivyobaki kwenye sindano baada ya mstari huo kuisha.

Hizi 2p na tv zote zinapunguza kitanzi kimoja, na daftari linasema tu "punguza". Nimezitenganisha kwa makusudi. 2p inalalia kulia na tv inalalia kushoto. Ukitumia moja pande zote, hesabu itakuwa sahihi, ila upande mmoja wa V utakuwa na mstari safi unaopanda na upande wa pili utakuwa na vingazi vya kukatikakatika. Mama mkubwa mwenyewe nimemwona akitumia zote mbili bila kusema. Mkono wake unajua, daftari halikuandika. Nimeweka pia kitanzi kimoja cha K pembeni kabisa, nje ya punguzo, ili kuwe na ukingo wa kushonea.

Namba za mistari nimeziacha zifanye kazi ya pili. Mstari unaofumwa uso wa sweta ukikutazama daima ni namba witiri, na wa kurudi daima ni shufwa. Kwa hiyo sihitaji tena kuandika "mstari wa mbele" popote. Ukiona 13, uso unakutazama. Ukiona mgongo wa kazi na karatasi inasema 13, umepoteza mstari mmoja, na umejua hapohapo.

Sindano nazo: daftari linasema namba 10 kwa pindo na namba 8 kwa mwili. Ni namba za zamani za Kiingereza, ambazo namba ikikua sindano inapungua unene. Nimeandika milimita 3.25 na milimita 4, maana ndizo zilizochapwa kwenye sindano zinazouzwa sasa.

Jumamosi, 14 Juni

Pindo na mwili vimekwisha. Daftari: "anzisha vitanzi sabini na vinne, fuma viwili vya kawaida na viwili vya kinyume mpaka mwisho, umalizie na viwili vya kawaida, na mstari wa kurudi ufuate ulivyo, mpaka sentimita tano." Kwa alama:

```
Anza 74, sindano 3.25
1: K2, [N2, K2] x 18   =74
2: N2, [K2, N2] x 18   =74
Rudia 1-2 mpaka mistari 14 (sm 5)
```

Mwanzoni niliweka nyota mbili kuzunguka kinachorudiwa, kama vitabu vingi vya kufuma vinavyofanya. Lakini sisi karatasi hizi tunatumiana kwa WhatsApp, na WhatsApp ikikuta maneno kati ya nyota mbili inayakoleza na kuzificha nyota zenyewe. Msomaji anaona N2, K2 zilizokolea, hajui zirudiwe. Mabano ya mraba hayaguswi. Na hiyo "x 18" ina faida ambayo "mpaka mwisho" haina: unaweza kuikagua kabla hujashika sindano. Nne mara 18 ni 72, jumlisha viwili vya mwanzo, 74. Imekubali.

Mwili ni K mstari mmoja na N mstari mmoja, sindano ya milimita 4, mpaka sentimita 24 kutoka chini. Kipimo cha sweta hii ni vitanzi 22 na mistari 30 kwa sentimita 10, hivyo sentimita 19 zilizobaki ni mistari 57. Nimeandika 58 ili mstari wa mwisho uwe wa kurudi, na sentimita nimeziacha palepale pembeni ya namba. Sehemu hii haina umbo lolote, mtoto mrefu anaongezewa mistari, mfupi anapunguziwa, kwa hiyo sentimita ndiyo bwana na namba ya mistari ni msaidizi.

Jumatano, 18 Juni

Leo ndiyo kazi yenyewe. Nimechora kwanza safu tatu kwa penseli kwenye karatasi ya miraba: ya kwanza namba za mistari 1 mpaka 48, maana sentimita 16 kwa mistari 3 kila sentimita ni 48, ya pili kwapa, ya tatu shingo. Kwenye safu ya kwapa nikatia alama mistari 1, 3, 5, 7, 9. Hizo ni mara tano za kila mstari wa mbele. Kwenye safu ya shingo nikatia 1, 5, 9, 13, na kuendelea kwa minne minne mpaka 45. Nikahesabu: 12. Ndipo "wakati huohuo" ya mama mkubwa ikaonekana kwa macho. Mistari yenye alama mbili ni 1, 5 na 9 tu. Yote mingine ina moja au haina kabisa.

Kisha nikaikagua kwa kutoa. Vitanzi 74, vinafungwa 4 na 4, vinabaki 66. Nusu ni 33. Kwapa linatoa 5, shingo inatoa 12, vinabaki 16. Ndicho daftari linachotaka. Mgongo nao una 56 baada ya makwapa, ukitoa mabega mawili ya 16 inabaki shingo ya 24, ambayo ni 12 na 12 za mbele. Vipande viwili vimekubaliana, kwa hiyo naamini minne minne yangu imeanzia pale mama mkubwa alipokusudia.

```
KWAPA
1: F4, K mm   =70
2: F4, N mm   =66
Gawanya 33 na 33. Anza kuhesabu upya.

NUSU A (kushoto kwa mvaaji)
1:  K1, tv, K27, 2p, K1   =31
3:  K1, tv, K28           =30
5:  K1, tv, K24, 2p, K1   =28
7:  K1, tv, K25           =27
9:  K1, tv, K21, 2p, K1   =25
11: K25                   =25
13: K22, 2p, K1           =24
Shufwa zote: N
```

Kuanzia hapo hadi 45 ni jambo moja linalojirudia, nimelifupisha: 17, 21, 25, 29, 33, 37, 41 na 45 ni K mpaka vibaki 3, 2p, K1, witiri nyingine ni K tupu. Vitanzi vinakwenda 23, 22, 21, 20, 19, 18, 17, 16. Nilishawishika kuandika tu "rudia 11 hadi 14 mara 8", kwa kuwa ni fupi zaidi. Nimekataa. Mfumaji aliyeacha kazi wiki nzima atahesabu vitanzi vyake akute 20, na kwenye orodha 20 iko mstari mmoja tu wa kupunguza, wa 29. Anajua yuko kati ya 29 na 32. Kwenye "rudia mara 8" 20 haipo popote.

Kwenye kufunga nimeandika F4, K mm, sikuandika F4, K70. Ukimaliza kufunga vinne, kitanzi kimoja tayari kiko kwenye sindano ya kulia, na watu hugawanyika: wengine wanakihesabu ndani ya vile vinavyofuata, wengine hawakihesabu. "mm" pamoja na =70 vinaondoa ubishi huo.

Jumapili, 22 Juni

"Upande wa pili fanya vivyo hivyo, kinyume chake." Maneno manane, na yamenichukua jioni nzima, kwa sababu "kinyume" hiyo inagusa vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni mahali. Kwenye nusu A mstari witiri unaanzia kwapani na kuishia shingoni. Kwenye nusu B unaanzia shingoni, unaishia kwapani. Kwa hiyo punguzo la shingo linahamia mwanzoni mwa mstari na la kwapa linahamia mwishoni. Cha pili ni ulalo: kilichokuwa 2p shingoni sasa ni tv, na kilichokuwa tv kwapani sasa ni 2p. Cha tatu ni bega, nitakifikia.

```
NUSU B (kulia kwa mvaaji), unga uzi shingoni
1:  K1, tv, K27, 2p, K1   =31
3:  K28, 2p, K1           =30
5:  K1, tv, K24, 2p, K1   =28
7:  K25, 2p, K1           =27
9:  K1, tv, K21, 2p, K1   =25
11: K25                   =25
13: K1, tv, K22           =24
Shufwa zote: N
```

Tazama mstari wa 1, wa 5 na wa 9. Ni uleule wa nusu A, herufi kwa herufi. Pande zote mbili zinapunguzwa, kwa hiyo kugeuza hakubadilishi kitu. Hapa ndipo naona wafumaji wanapopotea kwenye sentensi: anafuma mstari wa kwanza wa upande wa pili, anaona umefanana na wa upande wa kwanza, anaridhika kwamba "vivyo hivyo" maana yake ni kunakili, na kuanzia mstari wa 3 anapunguza shingoni badala ya kwapani. Idadi ya vitanzi haitamwonya. Atakuwa na 30, 28, 27, 25, zote sahihi, huku V upande mmoja ikipanda kwa kasi na kwapa likibaki karibu wima. Dalili inayoonekana mapema ni moja: ukikunja kazi katikati mwishoni mwa mstari wa 9, nusu mbili zinakataa kulaliana. Nimeandika jambo hilo kwenye karatasi, chini ya mstari wa 9, kwa maneno kamili: "Kunja, linganisha nusu A na B."

Bega sasa. Kufunga kunaanzia upande wa kwapa, na uzi lazima uwe upande huo. Nusu A inafika kwapani mwanzoni mwa mstari witiri, nusu B mwanzoni mwa mstari shufwa. Kwa hiyo B inadai mstari mmoja zaidi, na haiepukiki:

```
A  49: F8, K mm =8   50: N8           51: F8
B  49: K16           50: F8, N mm =8  51: K8   52: F8
```

Mstari huo mmoja ni milimita tatu na kidogo, hauonekani baada ya kushona. Lakini asiyeambiwa hukwama hapo, anajiona amekosea hesabu, anafumua.

Jumamosi, 28 Juni

Mama mkubwa amekuja mjini, nimemwekea karatasi mkononi. Ameisoma polepole, kidole kikifuata namba, kisha akauliza, "Mwanangu, na mwenye uzi wa kufumua?"

Swali zito. Kikundini wengi wetu hatununui uzi mpya. Tunanunua masweta ya mtumba pale Majengo, tunayafumua, tunaosha uzi na kuukausha ukiwa na kitu kizito ili unyooke. Uzi wa namna hiyo haukubali kipimo cha daftari kila mara. Vitanzi mara nyingi unaweza kuvirudisha kwenye 22 kwa kubadili sindano, lakini mistari haikufuati. Dada mmoja amefuma kipande cha kupimia, akapata vitanzi 22 safi na mistari 26 badala ya 30. Kwa sentensi ya zamani hana shida: "mpaka kwapa lifike sentimita kumi na sita" inamlinda. Kwa karatasi yangu, mistari 48 itampa sentimita 18 na nusu, kwapa la mtu mkubwa.

Kwa hiyo nimemfanyia hesabu yake. Sentimita 16 kwa mistari 26 kwa kumi ni 41.6, nikaweka 42. Kwapa halina tatizo, linaisha mstari wa 9 kama kawaida. Shingo inahitaji mapunguzo 12, na 12 yana mapengo 11 kati yake. Mapengo yote yakiwa ya minne, la mwisho linaangukia 45, nje ya 42. Kila pengo ninalolifanya la miwili linaniokolea mistari miwili. Nikibadilisha mapengo mawili, la mwisho linaangukia 41. Inatosha, na mstari wa 42 unabaki wa kurudi. Nimeyaweka yale mawili mwanzoni, chini ya V, ambako mkunjo mdogo hauonekani: shingo yake inapungua kwenye 1, 3, 5, kisha 9, 13 na kuendelea minne minne mpaka 41. Mistari ya pamoja na kwapa sasa ni 1, 3, 5 na 9, hivyo hata idadi za = za mwanzo zimebadilika, nimemwandikia karatasi yake peke yake.

Mama mkubwa amesema nisiitupe sentensi. Nakubaliana naye, ila si kwa kuiweka yote. Juu ya karatasi, kabla ya mstari wa 1, nimeongeza mambo mawili tu kwa maneno: kipimo cha vitanzi na mistari, na "kwapa ni sm 16, mistari 48 ni ya kipimo hiki pekee."

Jumanne, 1 Julai

Karatasi imefika upande mmoja wa A4 na nafasi imebaki. Dada mwingine anaifuma sasa bila daftari. Amepita mstari wa 21 wa nusu A akiwa na 22, sawasawa na karatasi.

Mkanda wa shingo nimeuacha kwa sentensi za mama mkubwa, sitaufupisha. Anaelekeza kuokota vitanzi vitatu kwenye kila mistari minne, hivyo 48 inatoa 36 kila upande, na hiyo ningeweza kuiandika kwa namba. Lakini yanayofuata ni kuvuta uzi kidogo pale chini ya V ili tundu lizibe, na kuruka sehemu ambayo ukingo umelegea. Hayo yanaamuliwa na jicho, kazi ikiwa mkononi, na alama hazina cha kuyasemea.

Kinachofuata ni saizi ya miaka 8. Mgongo nimeshaupima: vitanzi 82 kuanzia pindo, ambavyo vinakubali K2, [N2, K2] x 20.